Uzi: Mikunjo miwili imesogea kulia karibu sawa, je, antagonisti ipi ni ya ushindani?

Tarajali

Habari zenu wanajukwaa. Nimeanza kusoma famakolojia muhula huu na kuna zoezi moja linanisumbua. Kipande cha aota ya sungura kimetundikwa ndani ya chombo chenye maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni, noradrenalini inaongezwa hatua kwa hatua, na mashine inapima jinsi msuli unavyojikaza. Jaribio linafanywa kwanza kwa noradrenalini peke yake (N), kisha baada ya kuweka dawa A, na kwenye kipande kingine baada ya kuweka dawa B. Nimechora matokeo, na nimekaribisha namba kwenye kumi iliyo karibu ili mchoro usomeke.

```
%
100 |                           N       NA
 90 |                   N       A       B
 80 |                           B
 70 |
 60 |
 50 |           N       AB
 40 |
 30 |
 20 |
 10 |   N       AB
  0 |   AB
    +---+-------+-------+-------+-------+--
        1       10      100     1000    10000
        noradrenalini (nM), mizani ya logi
```

EC50, yaani ukolezi unaotoa nusu ya mwitikio wa juu wa mkunjo husika, ni 10 nM kwa N, 90 nM baada ya A na 92 nM baada ya B. Kilele ni asilimia 100 kwa N na kwa A, na asilimia 92 kwa B. Swali linasema: "Antagonisti ipi ni ya ushindani, na umejuaje?" Mimi naona zote mbili zimesogeza mkunjo kulia kwa takriban mara tisa, kwa hiyo nashindwa kuona tofauti. Naomba msaada.

Kijana wa Logi

Ndugu Tarajali, jibu ni rahisi. Antagonisti ya ushindani husogeza mkunjo kulia bila kushusha kilele, kwa sababu ukiongeza agonisti ya kutosha inaisukuma antagonisti kutoka kwenye vipokezi. Antagonisti isiyo ya ushindani hushusha kilele na haisogezi mkunjo. Zote mbili hapa zimesogea, kwa hiyo zote ni za ushindani. Hiyo asilimia 92 ya B ni kosa la kawaida la kipimo, kwani vipande vya msuli havifanani.

Na kwa kuwa EC50 ndicho kipimo cha mshiko wa noradrenalini kwa kipokezi chake, utaandika kwamba A na B zote zimepunguza mshiko huo kwa mara tisa.

Mfamasia Mzee

Kijana wa Logi, sentensi yako ya kwanza kuhusu ushindani ni sahihi, na mwanafunzi aishike. Mbili zinazofuata ndizo zitakazomkosesha alama. Mshiko wa noradrenalini kwa kipokezi haukubadilika hata kidogo katika majaribio yote matatu. Kilichobadilika ni idadi ya vipokezi vinavyopatikana. Na antagonisti isiyorejea inaweza kabisa kusogeza mkunjo kulia kabla haijagusa kilele. Jambo hilo lilionyeshwa tangu miaka ya 1950, na bado linawapita wanafunzi wengi kwa sababu vitabu vya mwanzo huchora michoro miwili safi, mmoja wa kila aina, na kuishia hapo.

Tarajali, kabla sijaendelea nina maombi mawili. Kwanza, angalia karatasi yako inasema nini kuhusu kuosha: je, dawa ilibaki ndani ya chombo wakati noradrenalini ikiongezwa, au maji yalibadilishwa? Pili, usilinganishe EC50 peke yake. Chagua urefu mitatu kwenye mhimili wa wima, tuseme asilimia 20, 50 na 80, na kwa kila urefu soma ni noradrenalini kiasi gani inahitajika katika kila mkunjo. Tumia namba halisi, si mchoro uliokaribishwa.

Nesi wa Zamu

Naomba niulize kinachofanana na hiki, kwa sababu nakutana nacho kazini. Mgonjwa aliyezidisha methadoni anapewa naloksoni, anazinduka na kupumua vizuri, kisha baada ya saa moja au mbili anarudi kulala na pumzi inapungua tena. Je, hiyo ndiyo maana ya antagonisti ya ushindani, kwamba methadoni imeishinda naloksoni kwa wingi?

Mfamasia Mzee

Dada Nesi, naloksoni ni ya ushindani kweli, lakini unachokiona wodini kinatokana zaidi na muda. Naloksoni huondoka mwilini upesi, nusu-uhai wake ukiwa karibu na saa moja au zaidi kidogo, ilhali methadoni hukaa kwa saa nyingi sana. Naloksoni ikishuka, vipokezi vinabaki wazi na methadoni iliyokuwepo tangu mwanzo inavikalia tena. Haikulazimika kuongezeka ili ishinde. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo huangaliwa kwa muda mrefu na huenda akahitaji dozi za kurudia au dripu. Katika zoezi la Tarajali, ukolezi wa kila dawa ndani ya chombo unajulikana na muda umedhibitiwa, kwa hiyo kinachosomwa ni uhusiano wa kipokezi na dawa bila figo wala ini kuingilia.

Tarajali

Asante Mwalimu. Maelezo ya kuosha yapo ukurasa wa nyuma: dawa A, 80 nM, iliachwa ndani ya chombo muda wote. Dawa B iliwekwa kwa muda, kisha maji yakabadilishwa mara kadhaa ndipo noradrenalini ikaanza kuongezwa. Nimesoma urefu mitatu kama ulivyoelekeza. Hizi ni nM za noradrenalini zinazohitajika:

```
mwitikio    N       A       B
20%         2.5     22.5    25.6
50%         10      90      110
80%         40      360     625
```

Sasa naona kitu. Kwa A, nikigawa kwa N napata 9 kila mahali. Kwa B napata kidogo zaidi ya 10, kisha 11, kisha karibu 16. Lakini kwa nini EC50 ya B ni 92, na hapa kwenye asilimia 50 nasoma 110?

Mfamasia Mzee

Kwa sababu EC50 ya B ni nusu ya kilele cha B chenyewe. Kilele chake ni 92, nusu yake ni 46, na 46 inafikiwa kwa 92 nM. Kufanana kwa 92 na 92 ni sadfa ya namba za zoezi hili, isikuchanganye. Ukitaka kulinganisha mikunjo miwili yenye vilele tofauti, linganisha mwitikio ulio sawa, kama ulivyofanya kwenye jedwali.

Jedwali lako limeshajibu swali. A imesogeza mkunjo mzima kwa uwiano mmoja, na juu ya mizani ya logi uwiano mmoja huonekana kama umbali mmoja, ndiyo maana mikunjo ya N na A ni sambamba. B imesogeza sehemu ya chini kwa mara kumi na sehemu ya juu kwa mara kumi na sita, na juu zaidi haifiki tena kabisa. Huo si usambamba. Na juu ya hayo, B imeoshwa na athari imebaki. Antagonisti ya kawaida ya ushindani ingeondoka na maji.

Sasa sababu yake, maana bila hiyo utakariri tu. Katika zoezi hili, chukulia kwamba noradrenalini hukalia nusu ya vipokezi ikiwa 1000 nM. Huo ndio mshiko wake. Sehemu ya vipokezi iliyokaliwa ni:

```
ukaliaji = [N] / ([N] + 1000)
```

Weka 10 nM, ambayo ndiyo EC50 ya mkunjo wa kwanza. Unapata 10 gawanya kwa 1010, yaani karibu asilimia 1. Soma hapo polepole: nusu ya mwitikio wa juu inapatikana kwa kukalia kipokezi kimoja tu katika kila mia. Kipokezi kilichokaliwa huanzisha mlolongo ndani ya seli, na kila hatua ya mlolongo hukuza ishara, kwa hiyo msuli hauhitaji vipokezi vyote ili ujikaze kabisa. Vilivyobaki tunaviita vipokezi vya akiba, ingawa havina umbo wala mahali pa pekee. Kipokezi chochote kinaweza kuwa cha akiba leo na cha kazi baada ya sekunde chache.

Chukua B sasa. Tuseme imeharibu asilimia 90 ya vipokezi, imebaki 10. Kwa 110 nM, noradrenalini inakalia 110 gawanya kwa 1110, yaani karibu asilimia 10 ya vilivyobaki, na asilimia 10 ya 10 ni asilimia 1 ya vyote vya mwanzo. Ni asilimia ileile, na mwitikio ni uleule wa 50. Msuli haujui kwamba umepoteza vipokezi. Unajua ni vingapi vimekaliwa tu.

Tarajali, fanya hesabu ya A mwenyewe. Antagonisti hii hukalia nusu ya vipokezi ikiwa 10 nM, na umeiweka 80 nM.

Tarajali

Nimejaribu hivi. Nimechukua kila dawa nikaigawa kwa ukolezi wake wa nusu: noradrenalini 90 gawanya kwa 1000 ni 0.09, na A 80 gawanya kwa 10 ni 8. Vipokezi vinagawanywa kati ya noradrenalini, A na vilivyo wazi, kwa hiyo sehemu ya noradrenalini ni 0.09 gawanya kwa jumla ya 1, 0.09 na 8. Nimepata 0.0099, yaani asilimia 1 tena!

Na uwiano wa 9 umetoka hapohapo, kwa sababu 1 kujumlisha 80/10 ni 9. Sikuhitaji kujua mshiko wa noradrenalini ili kuupata.

Mfamasia Mzee

Umefika mahali pazuri. Kwa antagonisti ya ushindani, uwiano wa kusogea hautegemei agonisti gani umetumia wala tishu ina akiba kiasi gani. Unategemea ukolezi wa antagonisti na mshiko wake peke yake. Ndiyo maana kwa antagonisti tunaweza kupima mshiko moja kwa moja kutoka kwenye mikunjo, na kwa agonisti hatuwezi kufanya hivyo kwa kuangalia EC50.

Kijana wa Logi

Mwalimu, nimefuata hesabu na nakubali kuhusu B. Lakini bado napata shida kuiacha EC50. Tunafundishwa kwamba agonisti ni ufunguo na kipokezi ni kufuli, na ufunguo unaoingia vizuri zaidi ndio wenye EC50 ndogo. Kama EC50 haipimi mshiko, inapima nini?

Mfamasia Mzee

Mfano wa ufunguo unaeleza kuingia, hauelezi kuzungusha. EC50 ya agonisti imebeba mambo matatu kwa pamoja: jinsi dawa inavyoshika kipokezi, jinsi inavyokiamsha baada ya kukishika, na wingi wa vipokezi pamoja na ukuzaji wa ishara katika tishu hiyo. Hapa mshiko ni 1000 nM na EC50 ni 10 nM. Ukisema EC50 ndiyo mshiko, umekosea kwa mara mia moja.

Kauli yako ina sehemu ya ukweli. Tishu isipokuwa na akiba, na kila kipokezi kikachangia sawasawa, EC50 hukaribia ukolezi wa nusu ya ukaliaji. Tatizo ni kwamba mkunjo mmoja haukwambii kama akiba ipo au haipo.

Tarajali

Naweka sehemu ya pili ya zoezi. Dawa A imeongezwa mara kumi, hadi 800 nM, na dawa B imeachwa muda mrefu zaidi kabla ya kuoshwa. Angalieni kwamba mhimili wa chini sasa unaanzia 10 nM.

```
%
100 |                                   A
 90 |                           A
 80 |
 70 |
 60 |                   A
 50 |                           B       B
 40 |
 30 |                   B
 20 |
 10 |           AB
  0 |   AB
    +---+-------+-------+-------+-------+--
        10      100     1000    10000   100000
        noradrenalini (nM), mizani ya logi
```

EC50 ya A sasa ni 810 na kilele ni kilekile. Ya B ni 503 na kilele ni 50. Kwa A, 1 kujumlisha 800/10 ni 81, na 10 mara 81 ni 810, kwa hiyo inakubali. Karatasi inasema pia kwamba A ni fentolamini na B ni fenoksibenzamini.

Mfamasia Mzee

Hapa tofauti imejianika. Fentolamini itaendelea kusukuma mkunjo kulia kadiri unavyoiongeza. Ukichora logi ya uwiano ukiondoa 1 dhidi ya logi ya ukolezi wa fentolamini, utapata 0.90 kwa 80 nM na 1.90 kwa 800 nM. Ukolezi umepanda hatua moja ya logi na jibu limepanda hatua moja, yaani mteremko ni 1. Huo ni mchoro wa Schild, na mteremko wa 1 ndio ushahidi unaotafutwa wa ushindani rahisi. Pointi mbili zinatosha kwa zoezi. Katika maabara ningetaka viwango vitatu vya antagonisti au zaidi.

Fenoksibenzamini hufunga kipokezi kwa kifungo cha kikemia kisichoachia, ndiyo maana kuosha hakusaidii na muda wa kuiacha una uzito kama ukolezi wenyewe. Hapa vimebaki vipokezi asilimia 1 tu. Hata vikikaliwa vyote, jumla ni ileile asilimia 1 ambayo mwanzoni ilitoa nusu ya mwitikio, na kilele kimesimama kwenye 50. Akiba imekwisha. Tazameni pia EC50 ya 503: inaikaribia 1000. Kadiri akiba inavyoondolewa, ndivyo EC50 inavyosogea kuelekea mshiko halisi.

Ndiyo maana pia fenoksibenzamini hutumika kumwandaa mgonjwa wa feokromositoma kabla ya upasuaji. Uvimbe ukiguswa unaweza kumwaga katekolamini nyingi kwa ghafla, na antagonisti ya ushindani inaweza kuzidiwa na wimbi hilo. Ile iliyojifunga haizidiwi, na mwili hurejesha mwitikio wa kawaida kwa kutengeneza vipokezi vipya.

Kijana wa Logi

Basi mkunjo huu wa mwisho wa B ungewekwa mbele yangu bila maelezo, ningesema noradrenalini ni agonisti nusu.

Mfamasia Mzee

Na ungekuwa umeusoma ulivyo. Katika tishu hiyo, wakati huo, noradrenalini inajiendesha kama agonisti nusu. Dawa haikubadilika, tishu ndiyo imebadilika. Kinyume chake hutokea vilevile: dawa inayoitwa agonisti nusu katika tishu yenye akiba ndogo inaweza kufika kilele kamili katika tishu yenye akiba kubwa. Kwa hiyo ukiandika "agonisti nusu," taja tishu.

Tarajali

Swali la mwisho kwenye karatasi: "Kadiria mshiko wa noradrenalini kutokana na data za N na B za sehemu ya kwanza." Ile 1000 ulitupa wewe Mwalimu. Tungeipataje?

Mfamasia Mzee

Kwa njia ya Furchgott, na jedwali lako lina kila kitu. Mwitikio ulio sawa unamaanisha idadi sawa ya vipokezi vilivyokaliwa, kabla na baada. Chukua kinyume cha ukolezi, yaani 1 gawanya kwa ukolezi. N iwe kwenye mhimili wa wima na B kwenye wa mlalo.

```
mwitikio    1/B       1/N
20%         0.0391    0.400
50%         0.0091    0.100
80%         0.0016    0.025
```

Pointi hizi zinakaa kwenye mstari ulionyooka. Mteremko ni karibu 10, na kinyume chake ni 0.1, yaani asilimia 10 ya vipokezi ndiyo iliyobaki. Mstari unakata mhimili wa wima kwenye 0.009. Ondoa 1 kwenye mteremko, gawanya kwa 0.009, utapata 1000 nM. Angalizo moja: pointi ya asilimia 20 iko mbali na inauvuta mstari, na hiyo ndiyo sehemu ya mkunjo ambayo ni ngumu kupima. Kosa dogo la mkazo pale chini linahamisha jibu sana, kwa hiyo namba hii ni makadirio.

Mchunguzi wa Angiotensini

Nimefuata uzi kimya, lakini kuna jambo ambalo halijatajwa. Kandesatani hushusha kilele cha mkunjo wa angiotensini II, na hata hivyo haifungi kipokezi cha AT1 kwa kifungo cha kudumu. Inarejea, ila inaachia polepole mno. Kwa kigezo cha Mwalimu cha kilele na kuosha, tungeiita isiyorejea.

Mfamasia Mzee

Ni hoja ya haki. Kilele kinashuka kwa sababu agonisti inaingia, mwitikio unapimwa na kwisha ndani ya dakika chache, na antagonisti haijapata muda wa kuachia nafasi. Mizani ya ushindani haikufikiwa. Ukiosha kwa muda mrefu sana, mwitikio unapaswa kurudi kidogokidogo, na kwa fenoksibenzamini hautarudi kwa njia hiyo.

Mchunguzi wa Angiotensini

Tukiweza kusubiri. Kipande cha mshipa kinachoka ndani ya chombo baada ya saa kadhaa, na kilele hushuka chenyewe hata bila dawa. Mimi nahitaji kipande cha pili kisichowekewa dawa kando yake, na hata hapo nimewahi kubaki na jibu lisilokata kauli. Kwa dawa za aina hii naamini zaidi kipimo cha ufungaji chenye kiambata cha mnururisho, ambapo kasi ya kuachia hupimwa moja kwa moja.

Mfamasia Mzee

Hapo nakubaliana nusu. Kipimo cha ufungaji mara nyingi hufanywa kwenye utando uliosagwa, na kasi ya kuachia pale si lazima iwe ileile ya msuli ulio hai. Ningeweka vyote viwili kwenye ripoti, na kipande cha kando kama ulivyosema.

Tarajali, kwa zoezi lako andika usambamba, kilele, kuosha na mteremko wa Schild, kwa mpangilio huo, kisha jedwali la vinyume.

Tarajali

Nimeandika. Chini ya mteremko nimeongeza kwamba tuna viwango viwili tu vya fentolamini, na kwamba cha tatu, kwa mfano 8000 nM, kingepaswa kutoa EC50 ya 8010 nM. Isipotokea hivyo, jibu langu kuhusu A litahitaji kuangaliwa upya.